Nani Alizing'oa Nguzo

Shule niliiacha darasa la tatu, siku mwalimu aliponichapa kwa kumuuliza kwa nini mto hauchoki. Tangu hapo sikukaa mahali pamoja. Nilikata mkonge, nikapakia magunia relini, nikachoma mkaa, na vita vilipofika nikajiandikisha kwa kuwa nilisikia meli ina vyumba chini ya maji na nilitaka kuviona. Mdogo wangu alibaki mlimani Uluguru. Yeye alikuwa mtu wa kukaa. Alichimba ulanga, lile jiwe linalong'aa na kubanduka kurasa kwa kurasa kama kitabu, katika machimbo ya ng'ambo ya Kinole. Wakati wa vita ulanga ulitakiwa kwa haraka, kwa ajili ya redio na mitambo, na nyapara wa machimbo yale alijua kuharakisha watu.

Mimi vita vilinifikisha Burma, kisha Uhindi, na huko homa ilinitoa kwenye mstari wa mbele nikafanywa mhudumu wa hospitali ya jeshi. Wodi ya mwisho ilikuwa ya mateka wa Kijapani waliojeruhiwa. Wenzangu hawakuipenda. Mimi niliiomba, kwa sababu watu wale walikuwa wakinong'ona maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia, na sikio langu lina njaa kuliko tumbo.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule huko kwao. Mguu wake ulifungwa kwenye mbao mbili, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana. Nilimletea chumvi na sigara, akanipa maneno. Siku ya kwanza aliponiona nikifungua dirisha alinionyesha kidole akasema, "Mado o akeru." Jioni upepo ulipolisukuma lenyewe likafunguka, alicheka akasema, "Mado ga aku." Dirisha lile lile, lakini maneno mawili. Moja la mkono wangu, moja la dirisha lenyewe.

Nikaruka kwa furaha. Nilimwambia kwetu pia tunayo! Tunafungua mlango, na mlango unafunguka. Tunavunja chungu, na chungu kinavunjika. Nikamwimbia jozi zetu moja baada ya nyingine, kung'oa na kung'oka, kuangusha na kuanguka, naye akazirudia kwa ulimi wake mzito mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba tunyamaze.

Lakini za kwao zilikuwa na hila. Kwetu ukisikia "-ka" mwishoni unajua kitu kimetendeka chenyewe. Kwao mwisho mmoja hugeuka kama kinyonga. "Akeru" ni mimi ninayefungua. Nikadhani basi kila "-eru" ni ya mtendaji. Kumbe "wareru" ni sahani inayovunjika, na anayevunja husema "waru." Nilimuuliza kanuni iko wapi. Akaniambia kanuni ni kujifunza kila jozi kama mapacha wa jirani: unawajua kwa kuwatazama sana, si kwa kuuliza yupi aliyezaliwa kwanza.

Kuna siku ninaikumbuka kuliko zote. Bakuli lake la udongo, alilolificha tangu alipotekwa, lilinitoka mkononi likapasuka. Nikasema haraka, "Ochita!" Limeanguka. Alitikisa kichwa polepole. "Otoshita," akasema. Umeliangusha. Akasubiri. Nikasema neno lake, na uso wangu ukawaka. Baadaye alifanya jambo ambalo sikulitilia maanani: aliniinamia kichwa, akanipa kikombe chake cha bati ninywee chai yangu mimi. Niliondoka nimebeba neno tu, nikidhani nimepewa fimbo. Kile kikombe sikukitafsiri. Ningekitafsiri, mengi yaliyofuata yasingefuata.

Barua kutoka nyumbani ilinikuta wodini humo humo. Iliandikwa na karani wa machimbo kwa niaba ya mdogo wangu. "Tunakujulisha kwamba shimo liliporomoka na mdogo wako amevunjika mguu." Nilimsomea yule mwalimu kwa maneno niliyokuwa nayo. Ana ga kuzureta. Alinitazama, akauliza kwa utaratibu kama anayeuliza darasani, "Kuzureta? Kuzushita?" Liliporomoka, au kuna mtu aliliporomosha? Nikasema barua haisemi. Akasema, "Barua hazisemi."

Niliporudi Morogoro nilipanda mlima moja kwa moja. Mdogo wangu alikuwa ameketi nje ya nyumba, mguu wa kulia umekauka na kupinda kama tawi la mpera. Alinieleza bila kupandisha sauti. Nyapara alikuwa akitaka kufungua handaki jipya upesi, na miti ya nguzo ilikuwa inapatikana mbali, juu msituni, mwendo wa siku. Akaamuru nguzo tano za handaki la zamani zing'olewe zikatumike kule. Mdogo wangu alimwambia dari litashuka. Nyapara akamjibu, "Dari limekuambia lini?" Watu wawili waliogonga nyundo walihamishwa baadaye wakapelekwa mashamba ya mbali. Dari liliposhuka, mdogo wangu alikuwa ndani akikusanya zana.

Katika baraza la kuchunguza jambo lile, wakati yeye amelala hospitali ya misheni, nyapara alisimama akasema maneno manne, na watu waliokuwepo walinirudishia neno kwa neno: "Nguzo ziling'oka, udongo ukaporomoka." Ikaandikwa hivyo. Nguzo ziling'oka! Kama meno ya mtoto.

Nilikwenda kumkabili. Nilimkuta kwenye kivuli cha banda, mtu mfupi mwenye mabega mapana, anachonga kijiti cha meno.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu na mama yangu alinilea.

"Marahaba. Wewe ndiye yule mtembezi? Pole kwa mdogo wako. Mambo ya Mungu."

"Mungu ana nyundo?"

Alicheka. "Mwanajeshi, vita vimekwisha. Sema, unataka nini?"

"Nataka useme ulizing'oa."

"Ziling'oka," akasema, akaendelea na kijiti chake.

Nilitaka kumvunja pale pale. Lakini mdogo wangu alikuwa amepewa kazi ya kulinda zana katika machimbo yale yale, maana mguu mmoja haulimi mteremko wa Uluguru, na nyapara ndiye aliyempa. Ndiyo iliyoniuma zaidi. Mtu anakuvunja, kisha anakuwa mlezi wako, na kila asubuhi unampa heshima. Nikashuka mlima. Nikazurura miaka mingine: Kilosa, Dodoma, Tanga, nikarudi. Kila niliporudi niliuliza kama amekwisha kusema. Hajasema. Nilikuwa na hasira iliyokaa vizuri, kama kisu kilichofungwa kwenye ngozi, hakishiki kutu.

Miaka karibu kumi baada ya vita nilikuwa Mwembesongo, mjini Morogoro, nikifanya kazi katika banda la kupasulia ulanga. Kazi ile ni ya kukaa chini na kisu chembamba, unaingiza ncha kwenye ukingo wa jiwe, unalitenganisha karatasi kwa karatasi, na wanawake wanachambua kwa ukubwa na weupe. Mwenye leseni ya machimbo alikuwa Mzungu aliyekaa Dar es Salaam na kuja mara mbili kwa mwaka. Nyapara ndiye aliyeshika kila kitu, mlimani na mjini. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia ya sola, ile ngumu ya Wazungu. Niliajiriwa naye na hakunikumbuka, au alijifanya. Niliingia pale makusudi. Anayetaka kumnasa chui hakai mbali na njia ya chui.

Ndipo akaja Mjapani. Alikuwa mnunuzi, mtu mkimya mwenye suti ya kijivu na lenzi ndogo aliyoiinua kwenye jicho. Habari ilikuwa imekwisha kuenea bandani: akiridhika na mzigo na machimbo, atachukua ulanga wote, na Mzungu ameahidi kumfanya nyapara meneja kamili, mwenye nyumba ya bati na ofisi. Nyapara alikuwa hakai. Alikuwa amepangusa hata miti ya banda.

Sanduku la kwanza, lile la karatasi kubwa kuliko zote, lilifunguliwa mbele ya mgeni. Nusu ya karatasi zilikuwa zimepasuka. Sisi wote tulijua kwa nini. Nyapara mwenyewe alilikalia sanduku lile kwenye lori kutoka mlimani, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa na mbuzi wake.

Mjapani aliinua kipande, akakitazama kwenye mwanga, akajisemea mwenyewe, "Warete iru." Zimevunjika.

"Hai," yaani ndiyo, nikasema kutoka nilipokaa chini. "Warete imasu."

Kipande kilimponyoka. Aligeuka akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia hospitali, na kwa muda mfupi macho yake yalikwenda mbali. Kiingereza chake kilikuwa cha shida na cha nyapara hakikuwapo kabisa. Nikaambiwa nisimame, nipanguse magoti, nitafsiri.

Mgeni aliuliza kilichotokea. Nyapara akanisogelea, jasho linamtoka. "Mwambie zimevunjika njiani. Barabara mbovu. Zimevunjika tu."

Zimevunjika tu. Nilisikia neno lile na mguu wa mdogo wangu ukanijia mbele ya macho. Ningeweza kusema "waremashita," zilivunjika, na ingekuwa tafsiri ya haki. Badala yake nilinyoosha mgongo, nikasema kama ni yeye anayesema, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Watakushi ga warimashita."

Mimi ndiye niliyezivunja. Nikarudi nyuma hatua moja, nikasubiri nyumba ya bati ianguke.

Mjapani aliitazama kofia ya sola, akalitazama sanduku. Kisha akaweka mikono kwenye mapaja yake na kumwinamia nyapara, si kidogo. Akatoa paketi ya sigara, akamkaribisha kwa mikono miwili. Kwangu akasema kwa upole, "Shōjiki na hito desu ne." Huyu ni mtu mkweli.

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Hapo ndipo kile kikombe cha bati kiliponirudia. Yule mwalimu hakuniinamia kwa sababu ya neno. Aliniinamia kwa sababu nililibeba mwenyewe. Kwao kitu kikivunjika mkononi mwako, ukasema kimevunjika, unakimbia. Ukasema umekivunja, umekwisha kulipa nusu ya deni la aibu, na mwenzako anakubebea nusu ya pili. Nilichukua fimbo ya kumpigia adui yangu nikampa aitumie kama mkongojo.

"Umemwambia nini?" nyapara akauliza, sigara mdomoni, macho yamemtoka.

Nilikuwa na ghadhabu kiasi kwamba nilisema kweli. "Nimemwambia umezivunja wewe."

Wanawake wa uchambuzi walizuia vicheko. Nyapara alinikazia macho, kisha akamtazama mgeni aliyekuwa bado anamtabasamia, na nikaona akili yake inavyofanya kazi. Alikuwa mwerevu, hilo sitamnyima.

"Kumbe hawa wanapenda maungamo," akasema taratibu. "Kama mapadri. Ningejua, bwana, ningelikalia na sanduku la pili!"

Akapiga kofi begani mwangu. "Kesho unapanda na sisi mlimani. Wewe ndiye mdomo wangu."

Tulipanda kesho yake asubuhi. Lori lilitufikisha lilipoweza, na kutoka hapo ni miguu, kati ya migomba na mihogo, njia ikiteleza kwa umande. Nilikuwa nyuma yao nikipanga maneno. Nilikuwa nimekosea mara moja na sikukusudia kukosea tena.

Lakini nilikosea tena. Mdogo wangu alikuwa mlangoni pa banda la zana, ameegemea gongo lake. Mjapani alimwona, akaniuliza ni nani na mguu umefanya nini. Hii hapa nafasi, nikajisemea. Nikachagua neno la mtendaji, lile zito, ili aelewe kwamba kuna aliyetenda: "Otōto desu. Ashi o orimashita." Ni mdogo wangu, na mguu umevunjwa, ndivyo nilivyodhani nimesema.

Aliguna kwa huruma, akamwambia mdogo wangu kwa ishara ajitunze. Basi. Akaendelea kutembea. Ilinichukua hatua kumi kugundua. Kwao mtu akisema "ashi o otta" bila kumtaja mwingine, ni mwenye mguu mwenyewe aliyevunjika mguu wake. Neno la kutenda, lakini lawama haimo. Sisi tunasema "amevunjika mguu," kana kwamba mtu mwenyewe ndiye anayevunjika; wao wanasema amevunja mguu, na hakuna anayemtazama vibaya. Nilidhani nimemshitaki nyapara. Nilikuwa nimesema mdogo wangu aliteleza.

"Umemwambia nini kuhusu mimi, kaka?" mdogo wangu akaniuliza nilipompita.

"Nimemwambia kidogo," nikasema. "Njoo nyuma yetu. Nitamwambia kubwa."

"Usinitafutie makubwa. Nina kazi hapa."

"Njoo."

Akaja, gongo likigonga mawe.

Handaki la zamani lilikuwa limebaki mdomo wake tu. Hatua chache ndani, kisha ukuta wa udongo na mawe yaliyoshuka miaka ile. Mgeni alitaka kuona kila kitu kwa sababu ya usalama wa mzigo, alivyosema. Machimbo yakiporomoka, mzigo hukatika. Wachimbaji wapatao ishirini walikuwa wamesimama nje na nyundo zao, wakimtazama mtu wa nchi waliyoambiwa zamani kwamba ni ya adui.

Sasa kuna jambo la kazi ile ambalo nyapara alilisahau, kwa kuwa yeye hakuwahi kuchonga nguzo. Mafundi wa mbao wa mlimani hutia chale kwenye kila nguzo kabla ya kuisimamisha. Handaki moja lina alama yake. La zamani lilikuwa la chale tatu, la jipya chale mbili na msalaba. Ni kwa ajili ya kuhesabu, na pia kwa ajili ya heshima: fundi anajua mti wake unabeba wapi. Nilizijua alama zile kwa kuwa mdogo wangu alinieleza siku ile ya kwanza, na tangu hapo sikuzisahau.

Nilimwonyesha mgeni vishimo vilivyochongwa kwenye mwamba pande mbili za mdomo, mahali nguzo zilipokaa. Vitano vitupu. Kwenye kingo zake palikuwa na makovu meupe ya nyundo, yakionyesha kwamba ziligongwa kutoka ndani kuja nje. Kisha nikampeleka hatua thelathini, kwenye handaki jipya. Nikaweka kidole kwenye nguzo ya kwanza. Chale tatu. Ya pili, chale tatu. Mpaka ya tano. Na ya sita ikawa chale mbili na msalaba.

Nyapara alikuwa nyuma yetu, anatabasamu, hajui tunazungumza nini.

Hapa nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, na safari hii niliyapima kama mtu anayepima risasi. "Hashira ga hazurete iru": nguzo zimetoka, hazipo mahali pake, basi. Au lile jingine ambalo yule mwalimu alinifundisha kwa dirisha lile lile, siku daktari alipoamuru liachwe wazi kwa ajili ya hewa. Unalichukua neno la mtendaji, unalitia "aru" mwishoni, na mtendaji humtaji. Lakini kila asikiaye anajua kulikuwa na mkono, na kwamba mkono ule ulikusudia.

"Hashira ga hazushite aru," nikasema.

Mjapani aligeuza kichwa haraka. Akarudi mpaka kwenye vishimo, akapitisha kidole kwenye makovu ya nyundo. Akamtazama mdogo wangu, mguu wake, gongo lake. Sasa aliusoma ule mguu upya. Akasimama mbele ya nyapara, akaniuliza mimi huku macho yakiwa kwake:

"Dare ga hazushita no desu ka."

"Anasemaje?" nyapara akauliza.

"Anauliza nani alizing'oa nguzo."

Wachimbaji walisikia Kiswahili changu. Miaka karibu kumi swali lile lilikuwa likizunguka mlima ule bila mtu wa kulibeba, na sasa lilikuwa limetoka katika kinywa cha mtu wa suti ya kijivu.

Nilimwona nyapara akifikiri. Nilimwona akikumbuka sigara, na ile kuinamiwa, na nyumba ya bati. Akavua kofia. Akaweka mkono kifuani kama aliyeona picha za watakatifu, akapaza sauti ili hata unyenyekevu wake uonekane:

"Mwambie nilizing'oa mimi! Mwambie kwa adabu. Mimi, kwa amri yangu, nilizing'oa zote tano, na nasikitika sana."

Alilisema. Kwa Kiswahili, mchana kweupe, mbele ya watu ishirini na mbele ya mdogo wangu. Nililisikia likipita hewani na nikatamani liwe zito liangukie mguu wake.

Na akawa ananingoja mimi nilivushe.

Nilijua kilichokuwa kinamngoja ng'ambo. Nikisema "watakushi ga hazushimashita," Mjapani huyu atainama tena. Atamhurumia. Atamwambia Mzungu kwamba amekuta mtu mkweli mlimani, na mguu wa mdogo wangu utakuwa ngazi ya mtu huyu kupandia ofisini. Kweli ile ile, ikivuka lugha, ingegeuka marhamu. Nami sikuwa nimemtafutia marhamu.

Nilimgeukia mgeni.

"Hitorideni hazureta, to mōshite imasu."

Anasema ziling'oka zenyewe.

Mjapani alimtazama nyapara aliyesimama na mkono kifuani, anatabasamu kwa huzuni. Akayatazama makovu ya nyundo. Akazitazama zile chale tatu. Sijaona uso ukifungwa namna ile. Akaitia lenzi mfukoni, akanishukuru mimi, akamwinamia mdogo wangu, mdogo wangu peke yake, na akaanza kushuka njia bila kumngoja mtu.

"Mbona anakwenda?" nyapara akasema. "Mbona hainami? Umemwambia nilivyosema?"

Hakuwa na nafasi ya kuuliza tena, kwa kuwa fundi wa mbao, mzee aliyechonga zile chale tatu kwa mkono wake, alikuwa amekuja mbele. Aliweka nyundo yake chini, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Mzee wangu, hayo nilikuwa namwambia Mjapani!"

"Ulisema kwa Kiswahili."

"Ni mambo ya biashara, mzee. Hujui hawa watu."

"Miti yangu ulisema iling'oka. Miaka yote hii nalala nikidhani niliisimamisha vibaya." Mzee alitema mate pembeni. "Mwanao ukimtuma ndani ya shimo hili, mimi nitaingia. Mpaka hapo, siingii."

Nyundo ya pili ikawekwa chini, na ya tatu. Hakuna aliyepiga kelele. Walizipanga mbele ya mdogo wangu, mlinzi wa zana, kama watu wanaorudisha vitu mwisho wa siku, na jua lilikuwa bado halijafika kichwani. Nyapara alitukana, akabembeleza, akataja mama zao, akataja njaa zao. Kisha akabaki amesimama mbele ya handaki lenye nguzo imara kuliko zote mlimani, na hakuna mtu wa kuingia.

Mjapani alinunua ulanga mahali pengine. Wachimbaji hawakurudi, na Mzungu, alipokuja na kukuta mashimo yameota nyasi, alimtafuta wa kumlaumu na hakwenda mbali kumpata. Banda la Mwembesongo nalo lilifungwa, na mimi nikakosa kazi pamoja na wanawake wa uchambuzi ambao hawakuwa na kisasi na mtu. Hilo ninalijua. Sikulitia kwenye hesabu siku ile na sitajifanya nililitia.

Jioni ya siku ile tulikaa nje ya nyumba na mdogo wangu, tunakula mihogo. Nilikuwa nimejaa ushindi mpaka chakula hakipiti. Yeye alikuwa anafikiri.

"Kaka. Yule mgeni, ulimwambia kama nyapara alivyosema?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ziling'oka."

Aliacha kutafuna. Nilitegemea atacheka. Ilikuwa inachekesha kwangu, jinsi nilivyomrudishia mtu yule neno lake mwenyewe, lile lile, limepinduliwa.

"Mara moja katika maisha yake yule mtu alisema kweli," mdogo wangu akasema, "na wewe ukaimeza."

"Hakuisema kwa ajili yako. Aliisema ili apewe sigara."

"Najua. Lakini ilikuwa yangu. Ni mguu wangu." Akachukua gongo lake, akasimama. "Nilitaka ifike mpaka mwisho. Hata kama angepewa ofisi."

Akaingia ndani. Hatukuzungumza siku mbili. Baadaye tulizungumza, ndugu huzungumza, lakini juu ya jambo lile hakunisamehe wala sikuomba. Yeye alitaka neno. Mimi nilitaka mtu. Kila mmoja alipata nusu.

Nyapara aliishia sokoni Mwembesongo, anauza ndizi na machungwa yaliyoshushwa kutoka Kinole vichwani mwa watu wengine. Kofia ya sola aliendelea kuivaa mpaka ikapasuka. Mimi kila nilipokuwa mjini, kabla sijaondoka tena kwenda ninakokwenda, nilipita mezani kwake nikanunua chungwa moja. Nilimwamkia kwa heshima zote. Naye kila mara alinishika mkono, haniachii, ananisogeza karibu.

"Bwana, niambie basi. Siku ile nilisema vizuri. Nilikiri. Nilivua kofia. Kule mjini alinipa sigara, kule mlimani akanigeuzia mgongo. Maneno yangu yalikuwaje?"

Alikuwa akiuliza kwa uchungu wa kweli, kama mtu anayeuliza ugonjwa uliomuua mwanawe. Hakuwahi kuuliza habari za mguu.

Nilimenya chungwa langu pale pale, polepole, ganda likiangukia juu ya ndizi zake.

"Maneno yako?" nikasema. "Yalivunjika njiani."